Kuhusu ile picha ya ukuta uliyonitumia jana usiku

Dada Rehema habari za asubuhi, poleni na mvua.

Picha nimeipata ila imekuja yenyewe tu, haina hata neno moja, nikasubiri nikijua maelezo yanafuata mpaka usingizi ukanipitia. Sasa sijui ni sebuleni, chumbani au ule ukuta wa korido uliopakana na bafu, na nikimleta fundi kichwa kichwa atabomoa pasipohusika.

Nimeivuta nikaona doa rangi ya chai, pembezoni lina mstari uliokolea, hiyo mara nyingi ni maji yameingia yakakauka yakaingia tena. Halafu kule chini kulia kuna kitu cheupe kama kona ya soketi. Kama ni soketi kweli usichomeke kitu hapo, na kama ukuta umelowa zima umeme wa upande huo kwenye mein swichi, hilo usisubiri nikujibu.

Naomba uniambie doa liko juu karibu na silingi au chini kwenye sakafu, na ukiweka kiganja pamelowa au pakavu. Kama ni juu na linaongezeka mvua ikinyesha basi ni bati, au gata imeziba na majani ya ule mwembe wa jirani, mimi nauwazia huo mwembe sana. Kama ni chini, rangi inabanduka na kuna unga unga mweupe, huo ni unyevu unapanda kutoka ardhini. Ila kama ni ule wa bafu nahofia bomba la ndani ya ukuta, na hilo unaweza kulijua leo leo: funga koki zote, hakikisha tenki la choo limeshajaa, kisha nenda getini kaangalie mita ya DAWASA, ikiwa inazunguka na hakuna anayetumia maji ujue kuna mahali panavuja.

Nipigie na picha nyingine mchana, simama mbali ukuta wote uonekane mpaka juu.

Tafadhali usipake rangi wala usiruhusu mtu apige skimu, litajificha wiki mbili tatu kisha litarudi kubwa zaidi. Kabati kama liko hapo lisogeze kidogo nguo zisishike ukungu.

Gharama usiwe na presha, bati na bomba ni vya mwenye nyumba, nimeshamgusia, ila yule mzee hatoi hela mpaka ajue chanzo ndo alivyo. Ingekuwa ni maji ya AC yako uliyofunga mwenyewe hapo tungeongea.

Nataka kuja Jumamosi saa tatu asubuhi. Nijibu kabla ya Ijumaa jioni maana fundi bomba na fundi paa ni watu wawili na kila mmoja anadai nauli yake, na kama hutakuwepo mwachie dada funguo ya chumba.

Juma
Msimamizi wa nyumba, Tabata