3.6 Utafiti wa Majaribio na Mabadiliko Yaliyotokana Nao

Majaribio yalifanyika tarehe 13 hadi 16 Machi 2023 katika kijiji kimoja cha Wilaya ya Pangani ambacho hakimo kwenye sampuli kuu. Nilitaka kujua kama hojaji inaweza kupima maji yanayochotwa na kaya kwa siku na muda unaotumika kuyachota. Kaya 24 zilichaguliwa, 22 zikamaliza mahojiano. Majibu yao hayamo katika uchambuzi wa Sura ya Nne.

Kosa kubwa lilikuwa kwenye saa. Hojaji iliuliza, "Ulitoka kwenda kisimani saa ngapi?", na fomu ya kwenye simu ilitaka jibu kwa mfumo wa saa 24. Mama akisema saa kumi na mbili asubuhi, mhojaji mmoja aliandika 06:00, mwingine 12:00. Nililigundua jioni ya siku ya pili, nilipoona kaya tatu za kisima kimoja zikionekana kwenda adhuhuri, ilhali tulikwishaambiwa kijijini kwamba foleni huanza kabla jua halijachomoza. Majibu 9 sikuweza kuyasahihisha kwa uhakika. Kwa hiyo sikukokotoa wastani wa muda kutokana na majaribio, wala usitafutwe humu. Katika utafiti kamili mhojaji alichagua kwanza kipindi cha siku, kisha akaandika saa kama ilivyotamkwa. Kuigeuza ikawa kazi ya fomu.

Ndoo nayo ilinikosesha. Nilikuwa nimeihesabu kuwa lita 20, lakini katika kaya 7 ilikuwa ya lita 10, na madumu hayakujazwa hadi mdomoni kwa kuwa maji humwagika njiani. Tangu hapo kila chombo kilipimwa kwa mizani, kikiwa kitupu na kikiwa kimejazwa kama mchotaji anavyokijaza siku zote. Kilo moja ya maji ikahesabiwa kuwa lita moja.

Tulipanga pia kumhoji mkuu wa kaya. Wanaume watano walilazimika kumwita mke ili ataje idadi ya safari. Mhojiwa akawa mtu mzima anayechota maji mara nyingi zaidi.

Kupungua kwa sampuli kutoka kaya 240 hadi 180 hakukutokana na majaribio. Nauli ya wahojaji ilipanda kuliko bajeti, na hiyo ndiyo sababu pekee.

Yapo mawili ambayo msomaji ayazingatie anapopima matokeo. Fomu mpya ya saa ilijaribiwa na wahojaji sita wakihojiana wao kwa wao, haikurudishwa kijijini kabla ya utafiti kamili. Pia mvua za masika zilikuwa zimeanza na kaya kadhaa zilikinga maji ya paa, hivyo maswali ya kiangazi hayakupata jaribio la kweli. Sehemu hiyo ya hojaji ilitumika kama ilivyoandikwa mwanzo.