Kiporo cha Saa Moja Asubuhi

Zamu yangu ya ulinzi katika ghala moja la nafaka huko Vingunguti humalizika saa kumi na moja alfajiri, na ifikapo saa kumi na mbili na nusu huwa nimekwisha kuoga na kuketi sebuleni mbele ya konsoli, kwa kuwa mdogo wangu aliyeko Mwanza hupata nafasi ya kucheza nami soka kabla tu ya kwenda kazini. Kwa wiki tatu mchezo wetu ulikatika kila siku karibu na saa moja. Wachezaji waliganda, mtandao ukapotea, na uliporejea baada ya dakika mbili nilikuwa nimekwisha kuhesabiwa kuwa nimeshindwa.

Niliwapigia simu watoa huduma mara mbili, tena si kwa upole, nao wakashikilia kuwa laini ni nzima.

Jumamosi moja dada yangu alilala msibani Bagamoyo, nasi tukacheza saa nzima bila kukatika. Jumatatu aliporudi jikoni, mtandao ukaanguka tena, na safari hii nikasikia, kwa mara ya kwanza ingawa ilikuwa ikilia kila siku, kengele ya maikrowevu ikilia sekunde chache kabla konsoli haijarejea. Alikuwa akipasha kiporo cha maharage.

Nilimwomba aweke kikombe cha maji ndani na kuiwasha kwa dakika mbili, huku mimi nikiwa na kompyuta mpakato kando ya konsoli, nikiipima ruta:

```
ping -t 192.168.1.1
```

Majibu yaliyokuwa yakija bila tatizo yakageuka kuwa `Request timed out.`, mstari baada ya mstari, hadi kengele ilipolia.

Ruta tulikuwa tumeiweka juu ya jokofu, hatua moja kutoka kwenye maikrowevu, ambayo mawimbi yake ni ya takriban gigahezi 2.45, ndani ya masafa yale yale ya gigahezi 2.4 ambayo konsoli yangu ya zamani hutumia. Oveni hiyo hufanya kazi kwa mamia ya wati, ilhali waifai ya ruta haizidi sehemu ndogo ya wati moja, kwa hiyo hata mawimbi machache yanayopenya mlangoni, yasiyomdhuru mpishi, yanatosha kuizima sauti yake. Masafa ya gigahezi 5 yangetuepusha, lakini konsoli hiyo haiyapati.

Nilinunua waya wa mtandao wa mita 15, nikaupitisha chini ya zulia hadi nyuma ya konsoli. Asubuhi iliyofuata dada alichungulia kutoka jikoni, sufuria mkononi.

“Kaka, naweza kupasha, au bado mnacheza?”

“Pasha tu.”

Maikrowevu ikaanza kunguruma. Mdogo wangu akanifunga bao, nami sikuwa na cha kusingizia.