Wanyonya Damu Wanaohesabu

Katika hadithi ninayoiandika, jua halimuui mnyonya damu. Kugeuka majivu alfajiri ni mazoea tuliyopewa na sinema tangu filamu moja ya mwaka 1922. Mimi nimeiendea imani ya zamani zaidi ya Ulaya: mwage mbegu juu ya kaburi lake, naye hataondoka mpaka azihesabu zote.

Sasa mchukue kiumbe huyo umtie katika mji wa mamilioni. Madirisha, ngazi, taa za magari. Wangu huanza kuhesabu bila kutaka, na akishaanza mwili hauondoki. Ndiyo maana hutembea wameinamisha macho. Umati unawaficha, na umati huohuo ndio unaowamaliza. Hapo ndipo ninapoipenda hadithi hii.

Damu ya hospitali haiwafai. Sitrati inayotiwa ili isigande hukamata kalsiamu, nao hupooza viungo. Wanabaki na watu walio hai, kwa kanuni kali: usizidishe mililita 450, kiasi anachotoa mchangiaji wa damu, na usimrudie mtu kabla ya siku 56. Kwenye vioo wanaonekana, kamera zinawanasa. Kinachowaumbua ni sura isiyozeeka, kwa hiyo kila baada ya miaka 15 huhama mtaa na kubadili vyeti.

Kanuni niliyoisumbukia kuliko zote ni ya jina. Hesabu hukatwa na kitu kimoja tu: mwenyewe kuitwa kwa jina alilopewa alipozaliwa. Kila mmoja humkabidhi mwenzake mmoja jina hilo, mmoja tu, kwa sababu anayelijua anaweza pia kumwamuru. Hawana ndoa. Wana hili.

Salima, wa miaka 140, hufanya zamu ya usiku katika kituo cha kupokea simu. Jioni moja, kwenye jukwaa la treni, mfuko wa shanga wa mwanamke mmoja unapasuka. Salima anapiga magoti. Moja, mbili, tatu. Watu wanadhani anasaidia, wanamshukuru. Treni ya kwanza inapita, ya pili, ya tatu. Vidole vyake vimeanza kutoka damu nyeusi, na kijana mmoja ameinua simu anapiga picha.

Idi, mshika jina wake, anafika akihema. Hawezi kumnong'oneza, kelele za jukwaa ni nyingi, na Salima hasikii ila namba. Anasita mpaka kijana yule anasogea karibu zaidi.

"Mwanakheri!"

Salima anasimama. Shanga zinamwagika tena kutoka viganjani mwake, naye safari hii hazitazami. Wanaelekea kwenye ngazi haraka, mkono kwa mkono.

Nyuma yao mtoto wa yule mwanamke ameokota ushanga mmoja.

"Mwanakheri," anaita, "umesahau huu. Rudi."

Na miguu ya Salima inageuka.