Tunatafuta dada wa kulea watoto wawili, wa kuja asubuhi na kurudi kwake jioni: Ilazo, Dodoma

Habari zenu ndugu, jamaa na majirani. Dada aliyekuwa anatulelea watoto amepata nafasi ya kusomea ushonaji, anaondoka mwanzoni mwa Septemba. Tumefurahi kwa ajili yake, ila pengo lake ni kubwa. Tunaomba msaada wenu kumpata mwingine. Ukimjua mtu anayefaa, mtumie ujumbe huu mzima asome mwenyewe, usimfupishie. Hatupitii kwa dalali, na yeyote atakayekuomba hela kwa jina letu ili upate kazi hii anakuibia.

Kuanzia hapa tunaongea na wewe dada unayeitaka kazi.

Watoto ni wawili. Imani ana miaka minne, yuko chekechea, muongeaji sana na anapenda kuchomoka mbio. Mdogo wake wa kike ana miezi minane, anatambaa, anashika kila kitu na kukipeleka mdomoni. Mimi nafanya kazi Mtumba, Baba Imani yuko karakana ya magari Kizota, wote tunatoka asubuhi. Mama mkwe wangu tunaishi naye. Ni mtu mzima, magoti yanamsumbua, hawezi kumbeba mtoto wala kumkimbilia, ila akili na macho yake viko sawa kabisa. Yeye utamwita Bibi kama watoto wanavyomwita, na shikamoo ya asubuhi anaipenda.

Tunataka mtu wa kwenda na kurudi kwa sababu nyumba haina chumba cha kumpa mtu mzima akalala kwa heshima, na kazi ya kulea inataka mtu aliyelala vizuri kwake. Kama una watoto wako mwenyewe hatuna shida kabisa. Uwe na miaka 21 au zaidi. Kabila na dini si kigezo. Ukiwa unakaa Ilazo, Ipagala, Kisasa, Makulu au Nzuguni itakurahisishia asubuhi.

KAZI YENYEWE

Kazi yako ni watoto na vitu vyao: kuwaogesha, kuwalisha, kufua nguo zao, kuosha vyombo vyao, kupanga chumba chao na kucheza nao. Nguo zetu wakubwa kuna mama wa kufua anayekuja Jumamosi. Kupika chakula cha jioni, kudeki nyumba nzima na kuosha gari havikuhusu, na mtu wa nyumbani akikuagiza hivyo niambie.

Imani anatoka chekechea saa 6:00 mchana. Unamfuata kwa mguu, ni kama dakika kumi, na mdogo wake unambeba mgongoni. Kuna lami ya kuvuka na bodaboda hazipunguzi mwendo, kwa hiyo mkono wake unaushika tangu getini kwa mwalimu mpaka getini kwetu, hata akilia.

Mdogo bado ananyonya. Maziwa yangu nayakamua na kuyaacha kwenye friji yakiwa na tarehe na saa. Unayapasha kwa kuweka chupa ndani ya bakuli la maji ya moto, usiyachemshe jikoni, na yanayobaki baada ya kunywa unamwaga, hayarudi kwenye friji. Umeme ukikatika nipigie, joto la mjini kwetu kuanzia Oktoba halichezewi. Uji wa lishe na mboga laini nitakuonyesha. Usimpe asali, wala chai, wala kitu kigumu cha kutafuna, hata mgeni akisema watoto wa zamani walikula.

Kuna mambo ya usalama ambayo kwetu hayana mjadala. Maji ya bomba huwa yanakatika, hivyo tunaweka akiba kwenye ndoo na mapipa. Kila ndoo inafunikwa na mlango wa bafu unafungwa, maana mtoto anayetambaa anaweza kuzama kwenye maji ya kufika kifundo cha mguu. Jiko la mkaa haliingii ndani, hata ile Juni na Julai upepo wa baridi ukivuma. Moshi wake usioonekana unaua watu waliolala. Dawa yoyote, hata ya kushusha homa, unanipigia kwanza. Mtoto hapewi kitu cha kumlaza.

Watoto hawapigwi, hawafinywi, hawafungiwi chumbani na hawatishwi kwamba kuna mtu atakuja kuwachukua. Imani akikushinda siku hiyo, na zitakuwepo siku za hivyo, mwache kwa Bibi, toka nje uvute pumzi, kisha nipigie. Sitakasirika kwa simu ya namna hiyo. Picha za watoto haziwekwi kwenye stetasi, na wageni wako wanakusubiri getini. Simu yako ni yako, tunachoomba ni isiwe mkononi wakati mtoto yuko kwenye beseni au mko barabarani.

MUDA

Jumatatu hadi Ijumaa, saa 12:45 asubuhi mpaka saa 10:45 jioni. Katikati, saa 7:00 hadi 8:00 mchana, una mapumziko ya saa nzima. Mdogo huwa analala muda huo na Imani anakaa na Bibi, naye ndiye anayewaangalia. Tunaliandika hili kwa makusudi, kwa sababu mtu anayemlinda mtoto aliyelala bado yuko kazini. Lala, sali, toka hata dukani. Ukitoa saa hiyo zinabaki saa tisa kwa siku, 45 kwa wiki, na hapo ndipo sheria ya kazi inapoweka kikomo cha kawaida. Chakula cha asubuhi na mchana unakula hapa, kilekile tunachokula sisi, mezani.

Jumamosi, Jumapili na sikukuu za serikali upo kwako. Ila kipindi cha Bunge la bajeti, Aprili hadi Juni, ofisini tunachelewa kutoka. Nitakuambia siku moja kabla, una haki ya kusema hapana, na ukikubali unalipwa ziada. Giza likiingia tunakulipia bajaji mpaka mlangoni kwako.

MALIPO

Mshahara ni shilingi 280,000 kwa mwezi. Tunakuandikisha NSSF: asilimia 10 inatoka kwako, yaani 28,000, na sisi tunaweka 28,000 nyingine juu ya mshahara. Mkononi unapata 252,000, na michango yako unaweza kuifuatilia mwenyewe. Mchango wa mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, ule wa mtu akiumia kazini, tunalipa sisi na wewe hukatwi.

Nauli ni nje ya mshahara: 7,500 kila Jumatatu asubuhi kwa wiki nzima. Kama unapanda magari mawili tuambie tuongeze. Saa ya ziada ni 2,200. Tumeipata hivi: 280,000 ukiigawa kwa saa 195 za mwezi ni kama 1,436, ukizidisha mara moja na nusu ni 2,154, tukaipandisha kidogo. Mshahara unaingia kwenye simu yako tarehe 28 ya kila mwezi, na ya kutolea tunaweka. Tarehe hiyo ikiangukia Jumapili unalipwa Ijumaa iliyotangulia.

Likizo ni siku 28 kwa mwaka zenye malipo. Ukiugua, leta cheti cha hospitali na mshahara hauguswi kwa utaratibu wa sheria. Sahani au kikombe kikivunjika hatukati mshahara. Mkataba ni wa maandishi, kwa Kiswahili. Utapewa nakala uende nayo nyumbani, umwonyeshe mumeo, mzazi au mtu unayemwamini, ndipo usaini.

TUTAKAVYOULIZIA HABARI ZAKO

Hapa tunaomba utuelewe. Tunamwachia mtu watoto ambao mmoja hajajua kusema ameumia, kwa hiyo tutauliza sana, na tutauliza kabla ya kazi kuanza.

Njoo na kitambulisho cha NIDA au namba yake, na barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa unakokaa. Tutapiga nakala na cha kwako utaondoka nacho siku hiyohiyo. Hatushikilii kitambulisho cha mtu.

Tupe watu wawili uliowahi kuwafanyia kazi ya kulea. Tutawapigia kwa sauti, meseji pekee haitoshi, na mmoja tungependa tumtembelee. Maswali yetu ni haya: ulikaa kwao muda gani, watoto walikuwa na umri gani, mliachana vipi, mtoto alipougua ulifanya nini, na je, wangekuachia tena mtoto leo? Kama mliachana kwa ugomvi, tuambie wewe mwanzo na sababu yako. Tunajua siyo kila bosi ni mwema, na maelezo yako tutayasikiliza kwa uzito uleule. Wasiwasi wetu ni pale tutakapopewa namba ya shangazi anayejifanya bosi.

Kama hujawahi kuajiriwa lakini umelea wadogo zako au watoto wa jirani, usijitoe. Lete jirani huyo, na mwingine anayekufahamu kwa miaka kadhaa: mwalimu, mchungaji, sheikh au mjumbe wa mtaa. Vilevile tunahitaji wadhamini wawili wenye makazi yanayojulikana hapa Dodoma.

Afya: tutakupeleka kupima kifua kikuu na homa ya matumbo kwa gharama yetu, kwa kuwa utashika chakula cha mtoto mchanga. Kipimo cha VVU hatuombi na hatutauliza. Kuhusu ujauzito pia hatutauliza.

Na wewe tuulizie. Dada anayeondoka amekubali kuongea na yeyote tutakayemwita kwenye usaili, sisi tukiwa hatupo. Muulize kama mshahara ulichelewa, kama tuna mdomo, kama chakula kilitosha. Majirani wetu wa kushoto na kulia nao wapo.

USAILI

Tuma ujumbe au piga kwenye namba hii iliyokutumia tangazo, kuanzia saa 11:00 jioni hadi saa 2:00 usiku. Andika jina lako, umri, unakokaa na uzoefu wako kwa maneno mawili matatu. Mwisho wa kupokea ni Ijumaa tarehe 14 Agosti 2026. Tutakaowaita watakuja nyumbani Jumamosi tarehe 22, mchana kweupe, na kila mmoja aje na ndugu au rafiki akipenda. Nauli ya kuja na kurudi tunarudisha kwa wote, wa kupata na wa kukosa. Utakaa na watoto kama saa moja mbele yetu, hakuna mtihani mwingine.

Atakayechaguliwa atakaa wiki moja na dada wa sasa, kuanzia Jumatatu tarehe 31 Agosti, akilipwa siku zote tano, 13,000 kwa siku pamoja na nauli. Ikifika Ijumaa kila upande unasema kama unaendelea. Kazi rasmi inaanza Jumatatu tarehe 7 Septemba. Wiki hiyohiyo mdogo ana kliniki ya chanjo ya surua ya miezi tisa; nitampeleka mwenyewe na tungependa tuongozane, upafahamu.

Wale ambao hatutawachukua tutawajulisha kwa simu kabla ya tarehe 28 Agosti, ili usiendelee kutusubiri ukapoteza nafasi nyingine.

Mama Imani na Baba Imani
Ilazo, Dodoma