Waya Chini ya Mkeka

Alfajiri baada ya usiku wa Maulidi, watu wa Kigombe walichota maji ya udhu kisimani kwa ndoo. Pampu ya msikiti kimya, madrasa giza, na nyumba ya Bi Mkubwa jirani, inayokula luku hiyo hiyo, giza vilevile.

"Fundi, yuniti zimekwisha?" mwalimu wa madrasa akaniuliza hata sijavua viatu.

Nikabonyeza luku: yuniti 41. Ng'ambo ya barabara taa zinawaka. Basi ugonjwa uko kwetu.

Swichi kubwa ilikuwa imeshuka. Nikaipandisha, ikaruka.

"Tushaipandisha sana hiyo," kijana mmoja akasema, tena kwa fahari. Nikamtazama tu.

Nikashusha breka ndogo zote, nikapandisha ile kubwa. Ikakaa. Pampu, ikakaa. Taa za ndani, zikakaa. Kwa Bi Mkubwa, friza la samaki likaanza kunguruma na mwenyewe akaleta alhamdulillah toka dirishani. Soketi za baraza: paa! Giza tena.

Nikachomoa ekstensheni ya turubai, nikaufuata waya. Viungo vyangu vizima, tepu haijalegea. Taa na spika ni wati 900, si neno. Lakini nyuma, upande wa wapishi, nikakuta mabirika mawili ya umeme.

"Shangazi, haya yamechomekwa saa ngapi?"

"Tangu saa sita usiku, baba. Kuni mbichi, zinatoa moshi tu. Wazee wangekunywa nini?"

Birika moja wati 2,000. Jumla 4,900, kwa volti 230 ni ampea 21 na ushee. Waya wangu wa milimita 1.5 ni wa ampea kama 15, tena ukiwa umenyooshwa unapata hewa. Breka ya 32 haikuona kosa, kwa kuwa imewekwa kulinda waya mnene wa ukutani, si huu.

Umenyooshwa. Hapo moyo ukanipasuka.

Nikaenda kufunua mkeka kando ya jukwaa. Mita 20 zilizobaki nilizizungusha mwenyewe jana mchana, nikazifunga kamba, ili nisikate roli la watu. Mizunguko ilikuwa imegandana kama tende kwenye kanda. Plastiki imeyeyuka, shaba zinagusana, na mkeka una duara jeusi la ukubwa wa sinia.

Mwalimu akachuchumaa. "Kumbe Shangazi na mabirika yake."

"Mabirika yamechangia. Huu mviringo ni wangu, Mwalimu."

Akaweka kiganja juu ya duara. Bado lilikuwa na joto.

"Watoto wa kasida walikaa hapa," akasema.

Sikuwa na la kujibu. Nikaomba kisu, nikaanza kukata. Shangazi akatuletea chai, inanuka moshi wa kuni.