Tafsiri ya Maelezo Binafsi ya Mwombaji: Kutoka Kibembe Kwenda Kiswahili

Maelezo haya yalitolewa kwa mdomo, kwa Kibembe, katika kambi ya Nyarugusu, wilaya ya Kasulu, mkoa wa Kigoma, tarehe 6 na 7 Machi 2023. Yalirekodiwa kwa ridhaa ya mwombaji, nikayaandika kama yalivyosemwa, kisha nikayatafsiri. Yanaambatana na maombi yake ya kuhamishiwa nchi ya tatu. Majina ya watu yamo katika fomu ya familia. Humu kila mtu anatajwa kwa undugu wake, kama mwombaji mwenyewe alivyomtaja.

Sikupanga upya masimulizi. Mwombaji anaanza na jambo linalomuuma leo, anarudi nyuma, kisha anakuja mbele tena, na ndivyo ilivyo hapa. Aliporudia, nimerudia. Aliposema "labda" sikuandika "hakika". Maneno yangu yako ndani ya mabano ya mraba tu. Mpangilio wa miaka uko mwishoni, mbali na maneno yake. Atakayetaka kuyalinganisha na mahojiano ya awali atumie mpangilio huo, wala asihamishe aya za mwombaji.

Maneno ya mwombaji

Mimi ni mama wa watoto wanne. Watatu nimewazaa, mmoja amezaliwa na mdogo wangu, lakini ni mwanangu. [Mtafsiri: katika maelezo yote amewaita wote wanne "wanangu", na sikuongeza "wa kulea" mahali popote. Fomu ya familia inaonyesha watoto watatu na mpwa mmoja. Fomu na maelezo vinataja watu walewale.]

Nianze na mume wangu, kwa sababu kila ninapokaa mbele ya meza naulizwa yeye yuko wapi. Sijui yuko wapi. Alivuka ziwa akaenda Fizi kutazama shamba la baba yake. Alisema, wiki mbili, nitakuwa nimerudi. Hakurudi. Ilikuwa ule mwaka wa kuhama Lugufu. Alipoondoka kwenda kule Fizi mtoto wetu wa mwisho alikuwa hajaota meno. [Mtafsiri: mtoto wa mwisho alizaliwa 2006, na kambi ya Lugufu ilifungwa 2009. Nimeacha sentensi zote mbili. Tazama marekebisho mwishoni.]

Watu waliotoka kule waliniambia mambo tofauti. Mmoja alisema alimwona sokoni Baraka. Mwingine alisema waliua mtu kwa ajili ya lile shamba, na huyo mtu ni yeye. Mimi sikuona maiti, sikuona kaburi. Siwezi kusema amekufa, siwezi kusema yu hai. Usiniandike mjane. [Mtafsiri: hapa alikuwa akisema na mimi. Nimeiacha sentensi kwa kuwa inahusu hali yake ya ndoa.]

Sasa nirudi nyuma. Nilizaliwa kando ya ziwa, kusini mwa Makobola, katika eneo la Fizi. Mwaka wenyewe siujui. Kadi inasema 1977, basi ndio huo. Baba alikuwa mvuvi wa ndagala, anatoka na karabai usiku. Mama alilima mihogo. Mume wangu alikuwa fundi cherehani, na cherehani aliipata kwa baba yake. Nakutajia cherehani kwa sababu nitarudi kwake.

Vita ya kwanza ilipokuja tulikimbilia milimani. Nilikuwa na mimba ya kijana wangu mkubwa. Tulilala kwenye mashamba ya watu, tukala mihogo mibichi, tumbo likawa linauma kila mtu. Halafu tukashuka, tukakuta nyumba imesimama, tukasema vita imekwisha. Kijana akazaliwa. [Mtafsiri: "vita ya kwanza" ni ile ya 1996. Kijana alizaliwa 1997.]

Vita ya pili ndiyo iliyotutoa. Zilikuwa siku za mwaka mpya. Mdogo wangu alikuwa ameolewa Makobola yenyewe. Mimi nilikuwa kwa mama, juu kidogo, namsaidia kumenya mihogo. Tulisikia risasi. Tukasema zitakoma. Hazikukoma. Halafu moshi, na moshi ulikuwa upande wa nyumba za akina shemeji. Baba akasema naenda kumtazama binti yangu. Mama akamshika shati. Akaenda. Mama alimshika shati, na bado akaenda.

Jioni kaka wa mume wangu alifika na mtoto mgongoni. Ni mtoto wa mdogo wangu, wa miezi saba hivi. Alikuwa amefungwa kwa kitenge cha mama yake. Shemeji hakusema neno. Mama alikitazama kile kitenge, akakaa chini. Ndipo tulipojua. Yule mtoto ndiye huyu mwanangu ninayesema.

Baba hakurudi. Walisema aliuawa kabla ya kufika. Aliyesema hivyo alikimbia kutoka huko, lakini sikumuuliza aliona kwa macho au alisikia. [Kimya kirefu.] Mnaniuliza askari wale walikuwa wa nani. Watu walitaja jina la jeshi lao, nami nalijua jina hilo. Lakini mimi sikuwaona uso kwa uso. Niliona moshi, nikaona mtoto aliyeletwa. Kama wanataka niseme zaidi ya hapo, hapana.

Tulitembea usiku, mchana tunajificha. Ilikuwa siku nyingi, sikuhesabu. Nilikuwa nanyonyesha watoto wawili, wangu na wangu. [Mtafsiri: ndivyo alivyosema.] Tulifika Ubwari. Mwenye mtumbwi wa injini alitaka pesa, na pesa hatukuwa nayo. Mume wangu akampa cherehani. Aliibeba kichwani tangu nyumbani, akaiweka mchangani, akaondoka bila kuitazama. Tukapanda. Mimi, mume wangu, mama, na watoto wawili. Shemeji alibaki. Alisema atatufuata. Mpaka leo.

Tulifika Kigoma asubuhi. Waliandika majina, kisha wakatupeleka Lugufu kwa lori. Walitupa turubai, ndoo na mablanketi. Mama alifia Lugufu, si kwa vita, kwa ugonjwa wa kifua. Kaburi lake liko huko, na huko hakuna kambi tena.

Kuna jambo la Lugufu ambalo nimelisema mara moja tu. Nilikwenda kutafuta kuni nje ya kambi na mama wawili. Wao walitangulia. Wanaume wawili walinikuta. Waliniumiza. Nasema waliniumiza, na wanawake watakaposoma watajua. Nilirudi bila kuni. Sikumwambia mume wangu kwa muda mrefu, na nilipomwambia alilia, hakunifukuza. Nataka iandikwe kwamba hakunifukuza. [Mtafsiri: mwombaji alitumia neno la "kuumiza", nami sikuweka neno jingine mahali pake. Nilimweleza kwamba maelezo ya kina ya tukio hili, kama yatahitajika, anaweza kuyatoa mbele ya afisa mwanamke na mkalimani mwanamke. Amekubali kwa masharti hayo.]

Kisha watoto wengine wawili wakazaliwa. Halafu Lugufu ikafungwa, wakatuleta hapa Nyarugusu, na mimi nilikuja bila mume. Nilijenga nyumba mimi na kijana wangu, yeye akikanyaga udongo, mimi nikipiga matofali.

Kwa nini sirudi Congo? Hilo nalo huniuliza. Mwaka 2016 mtu alipiga simu kwa jirani yangu, akaomba nipewe. Sijui alipata wapi namba. Alisema, wewe ni mke wa fulani, lile shamba lina wenyewe, ukija na vijana wako tutawazika humo humo. Alilitaja jina la mwanangu mkubwa. Alilitaja. Tangu hapo kijana wangu husema, mama, hata amani ikitangazwa mimi siendi. Na hapa pia si kwetu. Huwezi kutoka kambini bila kibali, huwezi kulima shamba la maana. Kijana wangu ana miaka ishirini na sita, amekulia kambini, na kazi aliyowahi kufanya ni kubeba magunia siku za kugawa chakula.

Nimeyasema haya kwa watu wengi. Mmoja aliyekuwa akiandika alinikatiza kila mara, akisema twende kwenye tarehe, mama, twende kwenye tarehe. Tarehe sinazo. Nina mambo yaliyotokea. Mengine niliyasahau siku ile kwa sababu ya kukatizwa, ndiyo maana leo yapo na siku ile hayakuwepo.

Sichagui nchi. Ninaomba twende pamoja, mimi na wanangu wanne, na mjukuu wangu aliyezaliwa na yule binti wa kitenge. Mkimwacha yeye kwa sababu karatasi inasema mpwa, mimi nitabaki naye.

Mpangilio wa miaka, ulioandaliwa na mtafsiri

Miaka hii nimeikokotoa kwa kulinganisha maneno yake, kadi zake na matukio yanayojulikana. Mwombaji mwenyewe ametaja mwaka wa kadi na ule wa simu tu. Kukimbilia milimani: mwishoni mwa 1996. Kuzaliwa kwa mtoto wa kwanza: 1997. Kuzaliwa kwa binti wa mdogo wake: katikati ya 1998. Tukio la Makobola: kwa maneno yake "siku za mwaka mpya", na mauaji ya Makobola yanayojulikana yalitokea kati ya mwisho wa Desemba 1998 na mwanzo wa Januari 1999. Kuvuka ziwa na kuandikishwa: mwanzoni mwa 1999. Tukio la kuni: kabla ya kuzaliwa mtoto wa pili mwaka 2001, hakuweza kulikadiria zaidi, nami sikumsukuma. Kuzaliwa kwa mtoto wa mwisho: 2006. Kuhamia Nyarugusu: 2009. Simu: 2016.

Marekebisho baada ya kusomewa

Tarehe 14 Machi 2023 nilimsomea tafsiri hii yote kwa Kiswahili, na kila aya nikamrudia kwa Kibembe, binti yake akiwepo kwa ombi lake. Alirekebisha mahali pawili. Kwanza, nilikuwa nimeandika kwamba mama yake alikufa kwa "kifua kikuu". Alisema ni "kifua" tu, hakuna daktari aliyesema kikuu, nami nimeondoa. Pili, kuhusu kuondoka kwa mume wake, nilimuuliza bila kumpa jibu: alikwenda Fizi mara ngapi? Akasema mara mbili. Mara ya kwanza mtoto wa mwisho alikuwa hajaota meno, na alirudi baada ya wiki tatu. Mara ya pili ni miezi michache kabla ya kuhama Lugufu, na hiyo ndiyo hakurudi. Alishangaa kwamba hakuwahi kuulizwa. Ameomba maneno yake ya mwanzo yabaki kama alivyoyasema, na maelezo haya yawekwe hapa.

Tamko la mtafsiri

Natamka kwamba ninazungumza na kuandika Kibembe na Kiswahili, kwamba si ndugu wa mwombaji, kwamba sijapokea malipo kutoka kwake wala kwa familia yake, na kwamba tafsiri hii ni kamili na ya kweli kwa kadiri ya uwezo wangu. Rekodi ya sauti imehifadhiwa pamoja na faili, na mwombaji ameruhusu isikilizwe na mtafsiri mwingine endapo neno lolote litatiliwa shaka. Mwombaji ameweka alama ya kidole gumba kwenye kila ukurasa.

Nyarugusu, 14 Machi 2023.