Jaribio la 6: Kupima γ ya hewa kwa mbinu ya Clément na Desormes

γ ni uwiano wa joto maalumu la hewa kanieneo lisipobadilika na lile la ujazo usipobadilika. Wafaransa Clément na Desormes walichapisha mbinu hii mwaka 1819. Kwa hewa kavu unatarajia 1.40.

Vifaa: chupa ya kioo ya lita 20, kizibo cha mpira chenye matundu matatu, vali pana ya sm 2, manometa ya maji yenye umbo la U, pampu ya baiskeli, na mrija wa kalisi kloridi wa kukausha hewa inayoingia.

1. Paka grisi kwenye kizibo. Pampu hadi tofauti ya maji ifike mm 250, funga njia ya pampu, subiri. Kimo kitashuka haraka mwanzoni, maana hewa iliyobanwa imepata joto, kisha kitatulia. Kikiendelea kushuka baada ya dakika 10, kuna mvujo. Pitisha povu la sabuni kwenye viungio.

2. Andika h1 (mm 200 hivi).

3. Fungua vali kwa mkupuo mmoja na uifunge mara tu mlio wa "fyuu" unapokwisha. Usiangalie manometa wakati huu, sikiliza.

4. Subiri dakika 5 hadi 10. Maji yatapanda yenyewe kadiri hewa iliyopoa inavyorudia joto la chumba. Yakitulia, andika h2.

γ = h1 / (h1 − h2)

Matokeo ya kundi la Jumanne (mm):

h1 = 198, h2 = 55, γ = 1.385
h1 = 212, h2 = 60, γ = 1.395
h1 = 176, h2 = 49, γ = 1.386

Wastani ni 1.389. Kanuni yenyewe ni ya kukadiria: kwa h1 ya mm 200 inapunguza γ kwa 0.004 hivi, kwa hiyo si yenye lawama kubwa hapa.

Kosa kubwa liko kwenye mkono. Ukichelewa kufunga, joto la kuta huingia ndani vali ikiwa wazi, hewa inatoka zaidi, h2 inakuwa ndogo na γ inashuka. Ukiwahi mno, kanieneo la ziada linabaki ndani na γ inapanda. Kusoma h2 kabla maji hayajatulia pia huishusha.

Msiiguse chupa! Upanukaji wote unapoza hewa kwa nyuzi 1.7 tu, na nyuzi 0.1 peke yake ni mm 3.4 za maji. Kiganja kikikaa kiooni dakika moja, h2 imeharibika. Feni izimwe, na chupa ikae mbali na dirisha lenye jua.

Kila kundi lilete majaribio 8 yenye h1 tofauti, kati ya mm 100 na 220. Chora h2 dhidi ya h1. Mteremko ni 1 − 1/γ. Mstari usipopita karibu na sifuri, kagueni sifuri ya manometa kabla ya kulaumu vali.